Kamba ya kidevu: hotuba ya mzee wa pikipiki kwa vijana waliokwisha kuwa na helmeti

Uwanja wa shule siku ile ulikuwa na pikipiki thelathini na ushee. Nilizipitia kabla shughuli haijaanza na sikuona hata moja isiyokuwa na helmeti. Nyingi zilikuwa zimetundikwa kwenye vioo, chache zimekaa juu ya tangi la mafuta, na moja ilikuwa chini ya kiti cha plastiki imejazwa karanga, mwenyewe anazitafuna polepole akisubiri spika zifungwe. Vijana wa kijiweni huiita elementi. Wanayo kwa sababu ya trafiki. Ukiwaambia "vaeni kofia ngumu" wanakutazama kama umewaambia wavae viatu.

Nalieleza hili mapema kwa sababu ndilo kosa tulilokuwa tumelifanya sisi wa kamati. Nafundisha udereva wa pikipiki hapa Morogoro, na kata ilipoandaa siku ya usalama barabarani nilipewa kazi ya kutafuta msemaji. Kwenye ratiba tuliandika: "Umuhimu wa kuvaa helmeti, dakika 10." Mada ya kila mwaka, kwa watu walioisikia kila mwaka. Hotuba tuliyoipata haikufanana na mada ile, na ndiyo sababu naona inafaa kuchambuliwa kipande kwa kipande, pamoja na sehemu mbili ambazo mzee alikosea.

Mzee mwenyewe sitamtaja jina. Alianza kuendesha akiwa bwana mifugo, enzi ofisi inakupa Honda 110 na unazunguka nayo vijijini mpaka tairi zinakuwa laini kama ndala. Alipoacha kazi alinunua Boxer akaingia kijiweni, wakati bodaboda zilipokuwa zinaanza kutambuliwa kisheria. Kanuni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria zilitoka 2010, bado mamlaka ya usafirishaji SUMATRA ikiwa hai, kabla LATRA haijashika nafasi yake 2019. Kwa hiyo ameendesha kabla ya kanuni na baada ya kanuni, na kijiwe kizima kinamwamkia.

Kabla yake alizungumza diwani, kisha afande wa usalama barabarani. Afande alikuwa na takwimu zake, na zilikuwa sahihi: watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na takribani asilimia 21 yao wapo kwenye vyombo vya moto vya magurudumu mawili na matatu. Alitaja pia mapitio ya tafiti 61 yaliyotolewa 2008, kwamba helmeti inapunguza uwezekano wa dereva wa pikipiki kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Nilimtazama yule wa karanga. Alikuwa amefika chini ya helmeti, anakung'uta maganda.

"Vaeni. Fungeni."

Mzee alipopewa kipaza sauti alikirudisha kwa MC. Akasimama mbele ya safu ya kwanza, akasema: "Mlio na elementi, vaeni." Watu wakacheka, wakavaa. "Fungeni." Hapo kicheko kikapungua. Ukisikiliza vizuri ungeweza kuhesabu klipu zilizolia "ta", na hazikuwa nyingi. Wengine walijifanya wanafunga, mkono ukiwa chini ya kidevu bila kufanya lolote, kama mtu anayejifanya kuimba wimbo asioujua.

Akashuka kwenye safu. Kwa kijana wa kwanza alipita nyuma, akashika ukingo wa chini wa helmeti pale kisogoni kwa vidole vya mikono yote miwili, akauvuta kwenda juu na mbele, kama unayefunua sufuria kutoka upande wa nyuma. Helmeti ikatoka. Hakutumia nguvu. Akaiinua juu watu waione, akaiweka chini mbele ya miguu ya kijana, akaenda kwa wa pili. Ikatoka. Wa tatu alikuwa amefunga, lakini kamba ilikuwa ndefu inaning'inia mpaka kwenye koo. Nayo ikatoka, imemkwaruza pua. Wa nne ilikataa. Alivuta mpaka kichwa cha kijana kikainama na helmeti bado ipo. "Wewe unaitwa nani?" Kijana akajibu. "Wewe unayo elementi. Hawa wenzako wamebeba ndoo."

Kwenye ile safu walikuwa tisa. Sita zilitoka.

Jaribio hilo hakulibuni yeye, na sidhani anajua kwamba maabara zinazopima helmeti hufanya kitu kile kile: wanaivalisha kichwa cha bandia, wanaifunga, wanafunga kamba ya chuma kwenye ukingo wa nyuma na kuangusha uzito unaoivuta helmeti kwenda mbele. Ikitoka, imefeli, hata kama ganda lake ni gumu kama jiwe. Maana kwenye ajali kichwa mara nyingi hakigongi mara moja. Unaanguka, bega linagonga, helmeti inatikisika na kuhama, halafu ndipo kichwa kinafika chini. Ile isiyofungwa inakuwa imekwisha ondoka wakati kazi yake inaanza.

Na asilimia 42 na 69 za afande zinalinganisha waliovaa na wasiovaa, lakini helmeti iliyotoka kichwani haiwezi kukupa kinga hiyo. Yule anayeivaa bila kufunga anahesabiwa na trafiki kama aliyevaa, lakini lami haimhesabu hivyo. Mzee hakusema maneno haya, ila ile safu ya helmeti sita zilizokaa kwenye vumbi ilikuwa imeyasema.

Helmeti isiyo na mkwaruzo

Baada ya hapo alifungua mfuko wa salfeti akatoa helmeti yake ya zamani. Nyekundu, imepauka, lakini ganda lake safi kabisa. Akampa kijana wa mbele: "Tafuta mkwaruzo." Ikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyeuona.

Ndiyo aliyokuwa ameivaa siku aliyoanguka. Barabara ya Iringa, ukishapita Melela, mbuzi alikatiza. Spidi, kwa kumbukumbu yake, ilikuwa hamsini hivi. Dakika chache kabla alikuwa amesimama kwa mtu wakazungumza, akaivua, aliporudi kwenye pikipiki akaivaa tu bila kufunga kwa sababu alikuwa anakaribia anakokwenda. Helmeti iliokotwa kwenye nyasi. Yeye aliokotwa barabarani.

Nilidhani sasa atavua kofia aonyeshe kovu. Wasemaji wa aina hii hupenda kovu, na vijana hupenda kulitazama, halafu kila mtu anakwenda nyumbani. Kovu analo, lakini hakulionyesha. Alisema hivi: "Niliporudi nyumbani, wiki ya pili, mke wangu akapika pilau. Nikamwona anaingia na sinia, mvuke unatoka, nikashangaa mbona leo pilau halina viungo. Nikamwambia. Akadhani namtania. Wanangu, tangu siku ile sijasikia harufu ya kitu chochote. Si pilau, si mvua, si mtoto mchanga. Petroli inavuja kwenye kabureta nasubiri mtu mwingine aniambie."

Pale uwanja ulinyamaza.

Nimelifikiria sana tukio hili, kwa nini pilau lilifanya kazi ambayo takwimu za vifo hazikuifanya. Kijana wa miaka ishirini na mbili hakiogopi kifo, au niseme anakiogopa kwa jumla tu, kama anavyoogopa kiama. Lakini kupoteza harufu hakujawahi kumpitia akilini. Hana utetezi alioutayarisha. Na jambo lenyewe ni la kweli kitabibu. Neva za harufu ni nyuzi nyembamba sana, zinapita kwenye vitundu vya mfupa mwembamba ulio juu ya pua kuelekea kwenye ubongo. Kichwa kikisimama ghafla ubongo unaendelea kusogea kidogo ndani ya fuvu, na nyuzi zile zinaweza kukatika hapo hapo kwenye vitundu. Hakuna damu ya kutisha, na mgonjwa mwenyewe anaweza kuchelewa kugundua. Wengine harufu huwarudia baada ya miezi. Mzee haikumrudia.

Hapo ndipo sauti ilipotoka nyuma, chini ya mwembe: "Mzee, nikigongana na fuso uso kwa uso, elementi itanisaidia nini?"

Swali hili huulizwa kila mara, na wasemaji wengi huliona ni utovu wa adabu. Mzee alilijibu: "Kwa fuso haitakusaidia. Lakini mimi niliangushwa na mbuzi. Wangapi hapa wamewahi kuanguka?" Mikono ikainuka, karibu yote. "Wangapi wameangushwa na fuso?" Mikono ikashuka, kicheko.

Jibu hilo lina fizikia ndani yake, na kwa wanafunzi wangu huwa nalifungua zaidi. Ukiwa umekaa kwenye pikipiki, kichwa chako kipo kama mita 1 na nusu kutoka ardhini. Kikianguka kutoka pale, hata pikipiki ikiwa imesimama, kinafika chini na mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa. Ni mwendo wa mtu anayekimbia kwa nguvu zote na kujigonga ukutani kwa kichwa. Kwa hiyo ile hoja ya "naenda hapo tu dukani" haina msingi, kwa sababu hatari ya kuanguka chini haijali unakwenda wapi. Upande wa pili, kijana aliyesoma mtandaoni ataniambia helmeti za kiwango cha Umoja wa Mataifa hupimwa kwa kuzigongesha kwa kilomita 30 hivi tu kwa saa, na yeye anakwenda 80. Ni kweli, lakini ile 30 ni mwendo wa kichwa kugonga kitu, si mwendo wa pikipiki. Ukianguka ukiwa kwenye 80 na barabara ikawa wazi, mwili unateleza. Kinachogonga chini kwa nguvu ni ule mporomoko wa mita 1 na nusu. Kama kuna nguzo au fuso mbele yako, hesabu inabadilika, na hapo mzee alisema kweli kwamba haitasaidia sana.

Povu la tivii

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilichukua dakika mbili. Alikuwa na kipande cha lile povu jeupe gumu linalokuja ndani ya boksi la tivii mpya. Akakibonyeza kwa dole gumba, shimo likabaki. "Limerudi?" Halijarudi. Akakibonyeza pale pale tena. "Sasa kidole kimegota." Halafu akavuta kitambaa cha ndani ya ile helmeti nyekundu, akawaonyesha povu lile lile limekaa chini yake, unene wa vidole viwili.

Wengi walikuwa hawajui. Wanadhani kinachowakinga ni ganda gumu la nje, ndiyo maana wanainunua helmeti kwa kuigonga kwa ngumi dukani. Ganda kazi yake ni kusambaza pigo na kuzuia kitu chenye ncha. Kinachookoa ubongo ni povu, kwa kukubali kubondeka. Kichwa kikisimama ndani ya nusu sentimita, kama fuvu tupu likikutana na lami, pigo linakuwa kali mara nne kuliko kikisimama polepole ndani ya sentimita 2 za povu. Povu likishabondeka limekwisha, halirudi. Helmeti iliyopata ajali na kichwa kikiwa ndani inaweza kuonekana nzima kwa nje na isiwe na chochote cha kukupa mara ya pili.

Baada ya kulieleza hilo vizuri namna ile, mzee akaharibu. Akachukua helmeti mpya ya zawadi, iliyokuwa mezani kwa diwani, akasema sasa nawaonyesha elementi nzuri inavyokuwa, akaiinua juu ya kichwa akaibwaga kwenye sakafu ya saruji ya jukwaa. Ikadunda. Watu wakapiga makofi. Akaiokota, hakuna ufa, akasema: "Mnaona? Nzito, haipasuki. Ukienda dukani chukua nzito." Robo saa baadaye helmeti ile ile ikatolewa zawadi.

Tuwe wa haki. Helmeti tupu ikidondoka kutoka mikononi haifi papo hapo, kwa sababu hakuna kichwa cha kulibonda povu kutoka ndani. Nisingemkataza mtu kuivaa kwa sababu ya mdondoko mmoja kama ule, akishaikagua ganda na mahali kamba iliposhikizwa. Tatizo ni somo lililobaki vichwani. Jaribio lile linapima ganda tu, kitu ambacho dakika tano nyuma alikuwa amewaambia si cha kwanza. Na uzito haukuambii ubora. Helmeti nzuri ya uso mzima huwa na kilo 1 na nusu hivi. Mbovu inaweza kuwa na uzito huo huo kwa plastiki nene isiyo na maana, na povu jembamba ndani.

Kama angeniachia dakika hizo mimi ningewageuzia kamba ya kidevu. Helmeti iliyopimwa kwa kiwango cha Umoja wa Mataifa inakuwa na kitambaa kidogo kilichoshonwa kwenye kamba, chenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyoidhinisha, E3 ni Italia, E4 Uholanzi, E9 Hispania, na mstari wa namba chini yake. Kushonwa huko ndiko kunakofaa kutazamwa kwanza. Stika ya nje, hasa ile ya DOT, isikupe usingizi: hata kwa Wamarekani wenyewe mtengenezaji ndiye anayejibandikia, na huku kwetu stika zinauzwa zenyewe kama za timu za mpira. Hata hivyo najua helmeti yenye E halisi ni pesa ya hesabu za siku nyingi za tajiri mwenye pikipiki, na vijana wengi watanunua ya bei ndogo. Kwao ningesema sukuma kitambaa pembeni, tafuta povu kwa kidole. Kuna zinazouzwa zikiwa na sponji tu, au ni kofia za ujenzi zilizopakwa rangi. Isiyo na povu usiilipie hata elfu tano.

Mama aliyesuka jana

Maswali yalipofunguliwa alisimama mama mmoja anayeuza chakula stendi, abiria wa kila alfajiri. "Baba, shikamoo. Nimekusikia. Mimi hiyo ya abiria siivai. Inanuka jasho la watu kumi, na mimi nimesuka jana. Nifanyeje?"

Kanuni zinamtaka abiria naye avae, hilo halina ubishi. Mzee akamjibu, "Marahaba mwanangu. Nywele zinasukwa tena, kichwa hakisukwi." Wakacheka, mama akakaa. Lakini hakujibiwa. Nilimwona akitikisa kichwa kwa jirani yake. Jibu tamu lililomzima muulizaji ni kosa la pili la hotuba ile, na kwangu ni kubwa kuliko la kubwaga helmeti. Kwenye bodaboda abiria ndiye mwenye kichwa kisicho na kitu mara nyingi zaidi, na sababu aliyoitoa mama ndiyo sababu halisi. Harufu, chawa, mba, nywele. Dereva hawezi kumlazimisha mteja anayelipa. Atapanda ya jirani.

Kilichofuata kilinishtua. Kijana mmoja akadakia kukitetea kijiwe: "Mama, mimi ya abiria naosha kila wiki kwa petroli, haina mdudu."

Nilisimama bila kuitwa. Nilichukua kile kipande cha povu cha mzee, nikaomba petroli kidogo kutoka kwenye pikipiki ya karibu, tukaimimina kwenye kifuniko cha chupa. Povu likaanza kuzama lenyewe, linayeyuka kama barafu kwenye chai, likabaki utelezi mweupe chini. Yule kijana akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki yake, akainua kitambaa cha helmeti ya abiria. Akaingiza kidole. Akakitoa, akanitazama. Upande wa juu povu lilikuwa limeliwa, limebaki kama sega la nyuki.

Hakuna mtu yeyote aliyewahi kumwambia. Mafundi wetu husafisha kila kitu kwa petroli, mnyororo, mikono, kabureta. Kwa nini siyo helmeti? Mvuke na matone ndiyo sababu pia si vizuri kuilaza helmeti juu ya mfuniko wa tangi. Rangi za kupuliza nazo zina viyeyusho vinavyodhoofisha ganda la plastiki. Na kuitundika kwenye kioo, kama zilivyokuwa nyingi asubuhi ile, kunafanya ncha ya kioo ichimbe povu pale pale utosini. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kipande na kuanika kivulini vinatosha. Zenye kitambaa kinachobanduka kwa vifungo, kitoe ukifue chenyewe.

Kwa mama nilimfuata baadaye. Tulikubaliana atembee na kilemba chepesi chake mwenyewe, anavaa kwanza kile, halafu helmeti juu. Alinionyesha kwenye mkoba kwamba anacho tayari, cha kuzuia vumbi. Sijui kama anafanya hivyo alfajiri, saa kumi na moja, kuna giza na anawahi maandazi.

Wiki tatu baadaye

Nilikwenda kijiweni bila kutoa taarifa, nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa nusu siku. Wale wa safu ya kwanza walikuwa wanafunga, wengi wao, na walikuwa wamegeuza lile jaribio kuwa mchezo: ukisimama vibaya mtu anapita nyuma yako anaivuta, ikitoka unanunua kahawa. Mchezo huo nadhani umefanya kazi kuliko sisi wote na kamati yetu. Abiria hali ilikuwa ile ile. Helmeti ya pili ilikuwa kwenye kiwiko cha dereva, inasafiri kama mkoba.

Nilichokigundua kwenye benchi, ambacho hotuba haikukigusa kabisa, ni simu. Vijana hununua helmeti kubwa kuliko vichwa vyao makusudi, ili simu ipenye kati ya sikio na kitambaa wakizungumza na mteja huku wanaendesha. Wengine wamechana sponji ya shavuni kupata nafasi. Helmeti ya namna hiyo hata ukiifunga inazunguka. Nilipomweleza mzee alicheka, akasema simu yeye alianza kuibeba uzeeni, hawezi kuyajua hayo.

Na ile helmeti ya zawadi niliiona. Aliyeshinda hakuwa na pikipiki. Aliiuza jioni ile ile kwa dereva wa kijiwe hicho, shilingi elfu kumi na tano. Niliikagua: ganda zima, povu zima, mahali kamba iliposhikizwa pako imara. Lakini kamba ilikuwa imefungwa fundo.

"Klipu iko wapi?"

"Ilivunjika siku ya pili, mwalimu. Abiria aliivuta."

Fundi viatu alikuwa ng'ambo ya barabara. Tulikwenda wote. Aliikata ile klipu ya plastiki, akatafuta kwenye kopo lake pete mbili za chuma, zile za mikoba ya shule, akazishona upande mmoja kwa uzi wa nailoni, akipita mara nne. Kamba inaingia kwenye pete zote mbili, inarudi kupitia moja, inajikaza yenyewe ukivuta. Haijapimwa na maabara yoyote, na nilimwambia dereva hivyo. Alilipa elfu mbili, akaivaa, akafunga, akageuka akanipa kisogo ili nivute.